Flashi ya Debian 10.4 ilipokataliwa na Secure Boot: ilivyotatuliwa

Flashi iliwaka vizuri hadi kompyuta iliposasishwa kwa `fwupdmgr`, zana ya Linux ya kusasisha firmware. Baada ya hapo Secure Boot, ulinzi unaoruhusu programu zilizosainiwa tu kuwasha kompyuta, ikatoa `Secure Boot Violation`. Flashi haikuharibika. Sasisho liliongeza kwenye dbx, orodha ya programu zilizopigwa marufuku, heshi, yaani alama za utambulisho, za shimu za zamani. Shimu ni programu ndogo iliyosainiwa inayowasha GRUB, kiwashio cha Linux, na hizo za zamani huruhusu GRUB yenye tundu la usalama la BootHole la 2020. Saini bado ni halali, lakini dbx ina nguvu kuliko saini.

Thibitisha kwanza. Kwenye Linux inayowaka, chomeka flashi, ingia kwenye folda yake ya `EFI/boot` iliyo na shimu, `bootx64.efi`, kisha:

```
pesign -h -i bootx64.efi
mokutil --dbx | less
```

Tafuta heshi ya kwanza ndani ya orodha ya pili. Usitumie `sha256sum`: yenyewe huhesabu hata saini, hivyo majibu hayatalingana kamwe.

Heshi ikipatikana, pakua ISO mpya uandike flashi upya. `fwupdmgr` hukagua faili za diski kabla ya kusasisha, lakini flashi iliyo kabatini haiioni. Kurudisha funguo za kiwandani kunaweza kuiwasha flashi, ila kunaweza pia kurudisha dbx ya zamani, na tundu likafunguka tena.