Nilivyomwandikia mwalimu mkuu barua ya kuomba ruhusa kwa Kihindi

Mimi ni mtu wa Tanga niliyeolewa Agra, India, na ninafundisha Kiingereza katika shule ya msingi ya binafsi huko. Vilevile ndimi mwalimu wa darasa la tatu. Masomo mengine yote hufundishwa kwa Kihindi, vikao ni vya Kihindi, na karatasi yoyote inayofika mezani kwa mwalimu mkuu lazima iwe ya Kihindi. Cha kuongea nilikuwa nacho tayari. Cha kuandika barua ya ofisi ni kingine kabisa, nami nilikihitaji mwezi Januari 2024, mdogo wangu alipopangiwa kuolewa Tanga Ijumaa ya tarehe 16 Februari.

Ruhusa ya siku moja mbili kwetu hushughulikiwa kwa mdomo na mstari mmoja kwenye daftari. Hii ilikuwa ya karibu wiki mbili, tena Februari, wakati mwaka wa shule unaisha Machi na mitihani ya mwisho iko mlangoni. Barua ilikuwa haina budi iwe kamili.

Mume wangu hakunifaa. Amesoma kwa Kihindi, lakini kazini kwake huandika Kiingereza mwaka mzima. Aliyenisaidia ni mke wa kaka yake, ninayemwita Didi. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali na amekwisha kuandika barua hizi mpaka mkono unakwenda wenyewe. Siku hizi, aliniambia, walimu wa serikali wa Uttar Pradesh huombea kwenye mfumo wa mtandao uitwao Manav Sampada. Wana siku 14 kwa mwaka za ruhusa ya dharura, inayoitwa aakasmik avkash. Shule ya binafsi ina utaratibu wake, na kwetu bado ni karatasi na kalamu.

Swali lake la kwanza lilikuwa, "Unaomba avkash ya aina gani?" Nilidhani ruhusa ni ruhusa. Kumbe aina ndiyo inayomwambia karani afanye nini na mshahara, kwa hiyo huandikwa juu kabisa, kwenye mstari wa vishai, yaani kuhusu. Ya dharura ni ya siku chache tu, na shule yetu hairuhusu zaidi ya tatu mfululizo. Ya ugonjwa hudai cheti cha daktari. Yangu haikuingia kokote humo, ikabaki avaitanik avkash, likizo bila malipo. Nilitaka siku tatu za mwanzo ziwe za dharura ili nisikatwe, zilizobaki ndizo ziwe bila malipo. Didi akakataa. Kwenye kanuni za serikali ruhusa ya dharura haichanganywi na likizo ya aina nyingine, na shule nyingi za binafsi zimeifuata kanuni hiyo hiyo. Barua yenye aina mbili hurudishwa.

Baada ya hapo tukahesabu siku, na hapa ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko kwenye lugha yenyewe. Shule yetu hufunguliwa Jumatatu hadi Jumamosi. Ningeondoka Jumamosi tarehe 10 baada ya vipindi, nirudi Agra Jumapili tarehe 25. Siku ambazo nisingeonekana shuleni ni kuanzia Jumatatu tarehe 12 hadi Jumamosi tarehe 24. Katikati yake kuna Jumapili moja, tarehe 18. Kwa ruhusa ya dharura ya serikali, Jumapili iliyo katikati haihesabiwi. Likizo nyingine huimeza. Kwa hiyo zangu zilikuwa siku 13, si 12, na Jumapili mbili za pembeni, ya tarehe 11 na ya tarehe 25, hazikuwa sehemu ya likizo. Didi akaniambia niandike tarehe ya kwanza, tarehe ya mwisho, jumla ya siku, na pia tarehe ya kuripoti, ambayo ni Jumatatu tarehe 26. Ukiandika "siku 13 kuanzia tarehe 12" ukaacha mengine, kila mtu atahesabu kivyake.

Sababu aliitaka iwe sentensi moja. Hapo tulibishana kidogo, kwa sababu anayeolewa ni mtoto wa mama mdogo, na kwetu huyo ni mdogo wangu basi, hakuna cha kuongeza. Didi alisema hata Kihindi cha nyumbani kingemwita bahan, dada, bila maelezo. Lakini ningeambatanisha kadi ya mwaliko, na kadi ina jina la baba wa bibi harusi, ambalo si jina la baba yangu kwenye faili la shule. Ndiyo maana nikaandika mauseri bahan, dada kwa upande wa mama mdogo. Mwalimu mkuu asije akafikiri namdanganya kwa jambo ambalo si uongo. Kadi yenyewe ilikuwa ya Kiswahili, kwa hiyo chini yake niliandika kwa mkono, kwa Kihindi, tarehe na mahali pa ndoa.

Nilichoandika ni hiki:

```
सेवा में,
श्रीमान प्रधानाध्यापक महोदय,
(विद्यालय का नाम), आगरा

विषय: 13 दिवस के अवैतनिक अवकाश हेतु प्रार्थना पत्र

महोदय,
सविनय निवेदन है कि मेरी मौसेरी बहन का विवाह
दिनांक 16/02/2024 को तांगा (तंज़ानिया) में होना
निश्चित हुआ है। इस कारण मैं दिनांक 12/02/2024 से
24/02/2024 तक विद्यालय में उपस्थित नहीं हो सकूँगी।
मेरी अनुपस्थिति में कक्षा 3 का कार्य मेरी सहकर्मी
अध्यापिका देखेंगी, जिनकी सहमति नीचे अंकित है।

अतः आपसे निवेदन है कि मुझे उक्त 13 दिवस का अवैतनिक
अवकाश प्रदान करने की कृपा करें। मैं दिनांक 26/02/2024
को विद्यालय में उपस्थित हो जाऊँगी।

सधन्यवाद।
दिनांक: 29/01/2024          प्रार्थिनी
                            (हस्ताक्षर)
                            सहायक अध्यापिका, कक्षा 3
संलग्न: निमंत्रण पत्र
```

Anayejua barua za serikali za kwetu ataitambua mifupa yake. "Seva mein" ni "kwa", ikifuatwa na cheo, shule na mji. Cheo chenyewe kina mtego. Mkuu wa shule ya msingi ni pradhanadhyapak, lakini mkuu wa sekondari ya juu ni pradhanacharya, na wapo wanaokerwa ukiwachanganya. Akiwa mwanamke ni pradhanadhyapika, na salamu inakuwa mahodayaa badala ya mahodai. Sentensi inayofungua, "savinai nivedan hai ki", ni ombi la unyenyekevu ambalo halibadilishwi. Nilitaka kuanza na habari za mitihani na pole kwa usumbufu, kwa adabu ya kwetu. Didi akazifuta zote. Adabu tayari imo ndani ya fomula. Ya kwako ukiongeza, barua inaanza kunuka visingizio.

Mwili wa barua una hatua mbili tu: sababu pamoja na tarehe, kisha "atah", yaani kwa hiyo, inayoanzisha ombi lenyewe na kuishia "kripa karen", ufanye hisani. Kati yake nilipenyeza sentensi ya nani atashika darasa. Haimo katika mifano mingi inayozunguka, na kwa maoni yangu ndiyo iliyonipatia likizo. Mwenzangu, mwalimu wa Kihindi asiye na darasa lake la kusimamia, alikubali kabla sijaandika, akaweka saini chini ya barua.

Mifano hiyo inayozunguka, jihadharini nayo. Mingi ni ya wanafunzi, na huishia "mwanafunzi wako mtiifu". Mwalimu akinakili bila kuangalia anajiweka chini ya dawati la darasa la tano. Mwalimu mwanamume humalizia kwa prarthi, yaani mwombaji, au bhavdiya, yaani wako, mwanamke kwa prarthini au bhavdiyaa. Na hapa ndipo Mswahili anapojikwaa zaidi, kwa kuwa kitenzi chetu hakijui mke wala mume. Kihindi kinajua. Mifano ya wanaume imeandikwa "sakunga" na "jaunga"; mimi lazima niandike "sakungi" na "jaungi". Njia ya kukagua ni kupitia kila kitenzi ambacho mtendaji wake ni wewe, ukisoma kwa sauti: kwa mwanamke mwisho wake usikike i. Tahadhari ni kwenye "kripa karen", maana hapo mtendaji ni mwalimu mkuu, na umbo hilo halibadiliki.

Jambo jingine ni maneno yanayotuvutia kwa sababu tunayafahamu. Mtaani Agra watu husema tarikh na shukriya, nasi tunasikia tarehe na shukrani. Barua ya shule hutaka dinaank na dhanyavaad. Hata chutti, neno la kila siku la likizo, hugeuka avkash. Tarakimu lakini ni zetu hizi hizi: Katiba ya India, ibara ya 343, inataka Kihindi cha serikali kiandikwe kwa hati ya Devanagari na tarakimu za kimataifa.

Niliandika kwa mkono, nakala mbili. Ningeweza kwenda duka la kuchapa, ila maduka mengi bado yanatumia fonti iitwayo Kruti Dev, ambayo ukiifungua kwenye simu isiyo nayo inageuka herufi za Kilatini zisizo na maana. Kwa karatasi haina shida. Kwa faili la kutuma kwenye simu, omba wachape kwa Unicode.

Niliipeleka Jumatatu tarehe 29 Januari, asubuhi kabla ya kengele. Mwalimu mkuu alisoma mstari wa vishai, akarukia tarehe, akatazama saini ya mwenzangu, halafu akauliza kitu kimoja: "Na karatasi ya mtihani wa darasa la tatu?" Nikamwahidi kuikabidhi Ijumaa tarehe 9. Akaandika ukingoni "svikrit", imekubaliwa, akaongeza sharti la karatasi ya mtihani, saini na tarehe. Nikamwomba aweke saini hiyo hiyo kwenye nakala yangu. Alishangaa kidogo, akaweka.

Nakala ilifanya kazi mwezi Machi. Mshahara wa Februari ulikuwa umekatwa siku 15, kwa sababu karani alijumlisha Jumapili ya kabla na ya baada. Nikaiweka mezani kwake. Alihesabu kwa vidole kuanzia tarehe 12 hadi 24, akaangalia saini ukingoni, na siku mbili zikarudishwa kwenye mshahara uliofuata.