Jinsi nilivyofaulu Kiitaliano cha A2 kwa ajili ya kibali cha ukaazi

Nilipoomba kibali cha ukaazi wa muda mrefu hapa Italia, nilitakiwa kuthibitisha Kiitaliano cha kiwango cha A2. Mara ya kwanza nilishindwa katika kusoma, ingawa maneno mengi nilikuwa nayajua. Nilikariri orodha za msamiati, kisha nikarudia vitenzi kwa wiki kadhaa, lakini matokeo ya majaribio niliyofanya nyumbani hayakubadilika.

Kilichonisaidia ni kuchunguza makosa yangu moja baada ya jingine. Karibu yote yalitokana na vineno vidogo: *entro il 10* nilidhani ni baada ya tarehe 10, kumbe ni kabla haijapita; *tranne il lunedì* nilidhani ni Jumatatu tu, kumbe ni siku zote isipokuwa Jumatatu.

Tangu hapo nilisoma kila siku tangazo moja la dukani au la ngazini kwetu, nikapigia mstari vineno hivyo, kisha nikamweleza jirani kwa Kiitaliano nani anahusika, lini na wapi. Jirani aliponiuliza, *"Quindi lunedì è aperto?"*, yaani "Kwa hiyo Jumatatu pako wazi?", nililazimika kujibu papo hapo, na mazoezi hayo ya kusoma yakawa pia ya kuzungumza.