Sentensi saba zilizonipatia mteja wa kwanza

Aliyenishauri "tuma kazi zako zote, mteja atajichagulia" hanidai shukrani. Kwa ushauri huo nilimrushia mwenye duka moja la vitenge picha 14 kwa WhatsApp: kadi za harusi, mabango ya mkesha, nembo ya timu ya mtaa. Juu yake aya tatu kuhusu kipaji changu. Tiki mbili za bluu, kimya. Baadaye nilizifungua kwenye simu ya dada yangu. WhatsApp ilikuwa imezibana, maandishi madogo ya kadi yamegeuka ukungu. Dizaina natuma herufi zisizosomeka!

Mara ya pili nilimlenga mama mmoja anayekamua alizeti Kizota, hapa Dodoma. Kabla ya kuandika chochote nilinunua chupa yake ya lita moja. Lebo yake ilikuwa karatasi ya kawaida. Siku ya nne ilikuwa imelowa mafuta na namba ya kuagizia imefutika. Hapo ndipo nilipopata la kusema:

"Shikamoo mama. Natengeneza lebo za bidhaa, niko hapa Area C. Nilinunua mafuta yako ya lita moja, ni mazuri, ila siku ya nne lebo ililowa na namba yako haikusomeka tena. Karatasi inanyonya mafuta. Stika ya plastiki hainyonyi. Nimeambatisha sampuli tatu, ya kwanza ni lebo ya mafuta. Nikuletee Alhamisi chupa moja yenye lebo mpya uione?"

Rasimu ya kwanza ilisema "lebo yako haivutii". Nilifuta. Huenda aliyeichora ni mwanawe. Lawama nikaitupia karatasi.

Sampuli tatu niliziweka kwenye PDF moja, kama MB 2 hivi, isimle bando. Faili la namna hiyo hutumwa kama dokumenti, halibanwi kama picha. Lebo ya mafuta niliiweka ukurasa wa kwanza kwa makusudi, maana WhatsApp huonyesha ukurasa huo hata kabla mtu hajafungua faili. Faili lenyewe niliita "Lebo-mafuta-sampuli", si "final2 mpya kabisa". Chini ya kila sampuli kuna mstari mmoja wa maelezo. Mbili hazikuwa za mtu yeyote, nikaandika wazi "mfano wa mazoezi", kwani akiuliza ni ya nani ningejing'atang'ata.

Bei sikuitaja, na swali la mwisho linajibika kwa ndiyo au hapana. Nilituma jioni, mashine zikiwa zimezimwa.

Jibu lilikuja usiku: "Marahaba. Hiyo stika kwa chupa mia tano ni bei gani?"

Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nikaandika "Kesho saa nne nitakupa bei kamili mama", na asubuhi nikawa wa kwanza mlangoni kwa mchapishaji, chupa ya mafuta mkononi na rula mfukoni.