Vitano kwa Elfu Moja

Siku kadhaa zimepita, na sauti ya Mama Zubeda, muuza vitumbua, bado imo sikioni mwangu kama mbu wa alfajiri.

"Vitano kwa elfu moja, dada."

Nikamwambia, tena huku nacheka, "Na cha nyongeza je?"

"Nyongeza leo hakuna. Mchele umepanda." Akavifunga kwenye gazeti, akanikabidhi, akamgeukia kijana aliyesimama nyuma yangu.

Basi, ni hayo tu. Hakunitukana wala hakunikunjia uso. Wiki hii Baba Sumaya kapata barua ya uhamisho kwenda Dodoma, jirani wa kulia kafiwa na mama mkwe, na robota la mitumba nililolisubiri tangu Januari limefika nusu yake makoti ya watu wa baridi, lakini kila nikiinama kupanga nguo pale soko la Memorial, Moshi, ninachosikia ni "nyongeza leo hakuna".

Mnaonisoma tangu zamani mnamkumbuka Mama Zubeda wa Njoro. Ndiye yule wa Ramadhani iliyopita. Nilipofunga hesabu ya mwaka, mali ya biashara ilikuwa milioni 6, zaka yake ikawa 150,000, nami nikampa yeye yote kwa mkupuo. Karai lile ni la fedha zile. Jiko ni la fedha zile. Mchele wa kwanza aliouloweka ulitoka huko huko. Na mimi, mteja wake wa kwanza kabisa, nanyimwa kitumbua cha shilingi 200!

Mnaona ninavyoandika? "Karai lile ni la fedha zile." Hapo ndipo penye ugonjwa, na nimeutambua Alhamisi kwenye darsa la akina mama, mahali ambapo kawaida yangu ni kusinzia.

Ustadhi anatusomea mlango wa zaka katika kitabu cha Ihyaa cha Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Ametukumbusha kwanza Aya ya 264 ya Suratul Baqara, inayosema msiziharibu sadaka zenu kwa masimbulizi na udhia. Mimi siku zote nilidhani masimbulizi ni kusema kwa mdomo, kumtangaza mtu mtaani kwamba bila mimi asingekula. Sijawahi kumtangaza Mama Zubeda (hapa kwenye blogu haihesabiki, Zubeda siyo jina lake). Kumbe Ghazali anasema mdomo ni tawi tu, mzizi uko moyoni, na anatoa kipimo cha kuupima. Mfikirie yule uliyempa, kisha mfikirie amekukosea, au amemsaidia adui yako. Je, utachukia zaidi ya vile ambavyo ungechukia kabla hujampa kitu? Kama chuki imezidi, basi ile ziada ndiyo masimbulizi. Maana yake ulikuwa unamdai, ila hukuwahi kumpelekea bili.

Sikusinzia tena. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa soko, nikasema kipimo ni cha kupimwa. Ijumaa alasiri nikapita Mbuyuni, nikanunua vitumbua kwa mama mmoja nisiyemjua. Elfu moja, vitano. Nikaomba nyongeza. Akaniangalia juu mpaka chini akasema, "Mama mzima na pochi hiyo, huoni haya?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kweli kabisa, nikaondoka zangu nikiwa nimeshasahau. Huyu alinitia aibu mbele ya watu na sikukasirika. Yule alinijibu kwa adabu na nimekosa usingizi. Tofauti ya hawa wawili ni shilingi 150,000, ambazo nilidhani nimezitoa mwaka jana.

Kilichonimaliza zaidi ni kisa ambacho Ghazali anakisimulia cha Bibi Aisha na Bibi Ummu Salama. Walikuwa wakimpelekea maskini kitu, humwambia mjumbe aikariri vizuri dua atakayoombewa na maskini yule. Mjumbe akirudi na dua, wao humrudishia maskini dua ile ile, neno kwa neno, wakisema hii kwa hii, ili sadaka yetu ibaki salama. Yaani hata dua hawakutaka ikae upande wao kama malipo. Mimi nilitaka kitumbua.

Kuna jambo moja darsani halikunipendeza, nikanyoosha mkono. Ustadhi alitaja hadithi kwamba jamaa wa Mtume hawapokei zaka kwa kuwa ni taka za watu, ndizo zinazosafisha mali zao. Nikauliza, sasa maskini ndio tunawamwagia maji ya kuogea? Alinijibu kwa utulivu kwamba neno zaka lenyewe lina kutakasika ndani yake na lina kukua, na kwamba Qurani inasema ndani ya mali za watu wema mna haki ya mwombaji na aliyenyimwa. Haki ya mwenzio ikikaa kwako inakuwa uchafu katika mali yako. Ikifika kwa mwenyewe, ni mali yake halali. Nikakaa. Nilipofika nyumbani ndipo nikaelewa alichonifanyia. Kama ilikuwa haki yake, basi karai ni lake na mchele ni wake, na mimi nilichelewesha tu mzigo wa mtu.

Nilimsimulia kaka Beda kwa simu. Mnamjua, aliyeacha seminari akabaki na vitabu vyote. Akasema Wahindu nao wana wazo la karibu na hilo: sheria za Manu zinamwonya Brahmani, mtu wa tabaka lao la makuhani, asizoee kupokea zawadi hata kama anastahili, kwa sababu kupokea kunazima nuru yake. Halafu, kama kawaida yake, akaruka kwa Myahudi.

Musa bin Maimuni, mzaliwa wa Kordoba, mwanachuoni na tabibu aliyefariki mwaka 1204 akiwa Misri, aliuliza swali hili: mtu ana dinari 1,000 za kutoa. Ampe mtu mmoja zote mara moja, au atoe dinari moja moja, mara 1,000? Jibu lake ni moja moja. Fedha ni zile zile, lakini anayetoa kwa mkupuo ameamka mara moja kisha akalala, na anayefungua mkono mara 1,000 mkono wake unapata tabia. Beda alivyosema hivyo nikamkatiza nikamwambia Ghazali anasema hayo hayo: kupenda kitu hakukatiki ila kwa kuilazimisha nafsi iachane nacho mpaka izoee, na mtu anatakasika kwa kadiri anavyotoa na anavyofurahia kutoa. Tukanyamaza wote wawili kidogo, kila mtu na ushindi wake.

Hapo nikaona nimepata dawa. Mwaka huu mali imefika 8,400,000, nikithamini nguo kwa bei ninayouzia siku ya kufunga mwaka, siyo bei niliyonunulia. (Nilijaribu ya kununulia. Baba Sumaya akaniangalia akasema, "Mama Sumaya, hata Mungu unamwomba punguzo?") Asilimia mbili na nusu ni 210,000. Nikapiga mahesabu ya mwakani: nigawe kwa miezi 12, kila mwezi 17,500. Ustadhi akasema kwa madhehebu yetu ya Shafi inafaa, ilimradi niwe natanguliza kabla ya mwaka kutimia na nimenuia zaka. Kinachokatazwa ni kuchelewesha ikishawajibika.

Lakini nikamkumbuka Mama Zubeda tena, safari hii bila hasira. Shilingi 17,500 ingemfanyia nini? Karai pekee lingekula fedha ya mwezi mzima, na mchele angeununua kwa kilo mbili mbili kwa bei ya kiosk. Na Beda akaniongezea kwamba huyo huyo bin Maimuni alipanga utoaji katika ngazi nane, na ya juu kabisa ni kumpa mtu mtaji au kazi au ushirika, asimame asiombe tena. Kumbe mkupuo unamfaa anayepokea, na kidogo kidogo kunamfaa anayetoa. Mzee wa watu kasema yote mawili, na sidhani alijipinga. Ni mimi niliyetaka tendo moja lifanye kazi mbili: limwinue Mama Zubeda, na hapo hapo linitibu ubakhili wangu, tena kwa siku moja ya mwaka. Yeye ameinuka. Ananiuzia kwa bei ya sokoni kama anavyomuuzia kijana wa nyuma yangu. Nyongeza angenipa angekuwa bado ananilipa.

Kwa hiyo zaka itabaki mkupuo. Ya kuutibu mkono ni nyingine, na hiyo nimeiona kwa Mama, Kibosho, Jumapili.

Mwaka huu Ramadhani na Kwaresima zimeanza wiki moja, kwa hiyo nilimkuta naye amefunga mlo wa mchana, tunatazamana tu. Juu ya kabati ana kopo la maziwa ya unga, na tangu Jumatano ya Majivu anakunywa chai bila sukari na kutia humo fedha ya sukari, shilingi 500 kila jioni. Nikamuuliza kwa nini asingoje Pasaka atoe zote pamoja. Alinisomea Yoshua bin Sira, kwamba maji huzima moto unaowaka na sadaka huondoa dhambi, kisha akafunga kitabu.

"Wiki ya kwanza nilikuwa nahesabu," akasema. "Naamka usiku nalitikisa. Siku hizi nasahau kama nimetia au bado. Juzi nadhani nimetia mara mbili."

"Sasa huoni hasara?"

"Ningejuaje na mimi nimesahau?"

Nimeweka kopo langu jikoni. Shilingi 500, kila nikifunga hesabu ya meza. Leo ni siku ya pili na nimeshalitikisa. Jana nilipitia Njoro, nikanunua vitano kwa elfu moja, sikuomba kitu. Mama Zubeda akaniuliza kama Sumaya amepona kikohozi. Nilijibu amepona, nikasubiri sekunde moja zaidi ya inavyotakiwa. Ndiyo. Nilisubiri nyongeza.

Kinachonisumbua sasa hivi ni ule mparachichi wa Mama. Jumapili niliona umeinama kuelekea banda la ng'ombe la jirani, mizizi ya upande wa juu iko nje kabisa, na kijana aliyeahidi kuukata hajapokea simu tangu juzi. Tangu magharibi upande wa mlimani ni radi tu.