Ndoo 42 badala ya 24: nilivyoituma krediti noti

Tulipeleka ndoo 24 za rangi kutoka Mtwara hadi kwa mteja wetu Lindi, kila ndoo shilingi 80,000 kabla ya VAT. Kwenye ankara tarakimu zikageuka, zikaandikwa 42. Jumla ikasomeka 3,964,800.

Kishawishi cha kwanza ni kurekebisha ankara ileile na kuituma tena kwa namba ileile. Sikufanya hivyo, maana mhasibu wa upande wa pili huenda ameshaiingiza vitabuni na kuihesabu VAT yake. Ukibadilisha kimyakimya, zitakuwepo karatasi mbili zenye namba moja na jumla mbili, na siku ya ukaguzi kila mtu atashika yake. Krediti noti huiacha ankara ya kwanza ilivyo, kisha hupunguza kilichozidi. Inapewa namba yake yenyewe, na ndani inataja namba na tarehe ya ankara inayorekebishwa.

Hesabu yenyewe inaanzia kwenye ndoo zilizozidi, si kwenye jumla. Ndoo 18 mara 80,000 ni 1,440,000. VAT ya asilimia 18 ni 259,200. Krediti noti ni 1,699,200. Wengi hukosea hapa: huchukua tofauti ya jumla mbili, ambayo VAT imo tayari, kisha huongeza asilimia 18 juu yake. Ukitaka kujihakikishia, piga hesabu ya ndoo 24 peke yake: 1,920,000 na VAT 345,600, jumla 2,265,600. Kisha toa krediti noti kwenye ankara ya zamani. Zisipolingana hadi shilingi ya mwisho, usitume.

Kichwa cha barua pepe nilikiandika: «Krediti noti KN-007 kwa ankara 0318: deni sahihi 2,265,600». Mhasibu anajua kilichomo hata kabla hajaifungua. Ndani niliandika hivi:

«Ndugu Mhasibu, habari za kazi. Ankara 0318 ilionyesha ndoo 42. Zilizopokelewa ni 24, kama delivari iliyosainiwa na stoo yenu inavyoonyesha. Kosa ni letu wakati wa kuandika. Tumetoa krediti noti KN-007 ya shilingi 1,699,200, ikiwemo VAT 259,200. Deni lililobaki ni shilingi 2,265,600. Tunaomba mtujibu mkishaipokea. Samahani kwa usumbufu.»

Samahani moja inatosha. Ukiomba radhi aya nzima, namba zinapotea katikati ya maneno. Niliambatisha krediti noti kwa PDF pamoja na nakala ya delivari. Ile delivari ndiyo inayomaliza mjadala, kwa sababu saini ni ya mtu wao.

Jibu la kupokea nililitunza pamoja na nakala zote, kwani na wao wanapaswa kupunguza 259,200 kwenye VAT waliyodai. Kama ritani ya mwezi wa ankara imeshapelekwa, marekebisho huingia kwenye ya mwezi wa krediti noti.

Huyu alikuwa hajalipa. Angekuwa ameshalipa yote, barua ingehitaji sentensi moja zaidi: arudishiwe 1,699,200 benki, au zikatwe kwenye ankara ijayo? Achague yeye, kwa maandishi.