Sentensi niliyoifuta kwenye tasnifu yangu ya mwani

Tasnifu yangu ya uzamili ilianza hivi: "Alfajiri ya bamvua, mama anaingia baharini akilia, kwa kuwa dunia imemsahau." Mimi ni mtoto wa Jambiani, mama yangu analima mwani, na niliyaamini maneno yale. Msimamizi wangu aliyapigia mstari, akaandika pembeni: "Umejuaje?"

Tulipokaa alinirudisha kwa Aristotle, aliyeandika juu ya balagha katika karne ya 4 kabla ya Kristo. Msemaji hushawishi kwa ethosi, yaani kuaminika kwake; kwa pathosi, hisia anazoziamsha; na kwa logosi, hoja yenyewe. "Mwanangu, kuhuzunika hukukatazwa," alisema. "Ila hapa huzuni umeipa kazi ya ushahidi. Ifute, kisha usome kilichobaki."

Nikaifuta. Aya haikubaki na kitu, maana sikuwa nimeeleza popote kwa nini kipato kimeshuka. Nami sababu nilikuwa naijua: kotonii, mwani wenye bei nzuri, hufa maji ya kina kifupi yanapopata joto, hivyo wengi wamebaki na spinosamu, ambao bei yake ni ndogo. Kuuhamishia kotonii kwenye kina kirefu kunataka chombo na kujua kuogelea, na wanawake wengi hawajui. Nilipoyapanga hayo kwa mfuatano, ugumu ulionekana bila mtu kulizwa.

Jambo lililonitesa zaidi lilikuwa kauli ya mhojiwa mmoja: "Niliukumbatia mwani uliooza kama maiti ya mtoto." Nilitaka ifungue sura ya matokeo. Msimamizi akauliza ni wangapi waliosema kama yeye. Nikarudi kwenye daftari: kati ya wanawake 18 niliowahoji, 11 walieleza hasara, 5 walikuwa wanatengeneza sabuni ya mwani na wakisema wanajimudu, na 2 walikuwa wameacha kulima. Kauli ile ilikuwa ya kweli, lakini ikisimama peke yake ingewafuta wale 5. Nikaiweka baada ya hesabu, na kando yake kauli ya mtengeneza sabuni.

Pathosi ya namna hiyo naikubali kabisa: maneno ni ya mhojiwa mwenyewe, na msomaji keshajua yanawawakilisha watu gani. Nilichokiondoa kwenye matokeo ni vivumishi vyangu mimi, "ya kutisha", "cha kusikitisha". Kimoja nilikibakiza kwenye mapendekezo, kwa sababu hapo mwandishi anahimiza hatua ichukuliwe na ushahidi ameshautoa.

Kuhusu ethosi, niliandika wazi kwenye sura ya mbinu kwamba mama yangu ni mkulima, na kwamba wahojiwa wa mwanzo niliwapata kwa majirani zake. Niliogopa jambo hilo litanishusha. Siku ya utetezi ndilo swali la kwanza nililoulizwa, nikafungua ukurasa ule ule na kuwaonyesha namna nilivyowatafuta wengine Paje, ambako hakuna anayemjua mama.