Jinsi nilivyohamisha kura kutoka Kisauni hadi Kasarani

Dalili ni hii: umehamia Kasarani, lakini sajili ya IEBC bado inakuonyesha Kisauni. Siku ya kura utatakiwa kurudi Mombasa.

Kujiandikisha upya hakusaidii. Alama za vidole zako zimo tayari, na kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai. Kurudi ofisi ya Kisauni kuomba "kutolewa" nako ni nauli ya bure.

Kilichofaa ni kwenda ofisi ya eneobunge unalohamia, na kitambulisho kile kile ulichojiandikishia, sio nakala. Unajaza fomu ya uhamisho na kuchagua kituo kipya. Hapo ndipo penye siri: fika ukijua jina la wadi yako na la kituo kilicho karibu na nyumba, kwa kawaida shule ya msingi. Ukisema "Kasarani" tu, unaweza kupangiwa kituo cha mbali.

Wengi hunaswa na tarehe. Usajili mpya hufungwa siku 60 kabla ya uchaguzi mkuu, ila uhamisho unataka notisi ya siku 90. Kwa uchaguzi wa Agosti 10, 2027, hesabu hiyo inaishia Mei 12, sio Juni. Tena kiti kikitangazwa wazi, usajili wa eneo hilo husimama hadi uchaguzi mdogo upite.

Baadaye kagua sajili tena. Usitosheke kuona jina. Soma eneobunge, wadi na kituo.